Paka Wako Hana Dharau, Amekusoma Tu

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane huko kwa komenti. Paka anayesukuma kikombe mpaka kianguke halafu anakukazia macho hana dharau, hana jini, na hajatumwa na jirani. Ameshika hesabu ya nyumba yenu kuliko nyinyi wenyewe. Anajua kitu gani kikianguka kitamtoa nani kitandani, na hayo macho anayokukodolea ni ya kuangalia kama umeshaanza kuamka.

Najua kuna mmoja tayari anaandika, "Si wewe uliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya paka umetoa wapi?" Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Tuendelee.

Hasira yangu leo imetoka kwa gunia. Hapa Plateau, na najua hata huko mjini Eldoret ni hivyo hivyo, paka akishaonekana ana "tabia" anatiwa kwa gunia, linafungwa, linapakiwa kwa boda, anaenda kutupwa msitu wa Kaptagat. Watu wanaongea hiyo story wakicheka, kama ni kumwaga takataka. Paka aliyelelewa jikoni akitupwa kwa baridi ya huko juu, mahali hajui na mbwa wako, hiyo si kumrudisha nyumbani kwao. Na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama akateseka kuwa ni kosa. Lakini wacha sheria kwanza. Mimi shida yangu ni kwamba kosa lenyewe ambalo huyo paka anahukumiwa nalo, alifundishwa na huyo anayefunga gunia.

Nipeni nafasi nieleze, maana nina ushahidi.

Kuna mathe jirani yetu anauza maziwa na mandazi asubuhi. Ana paka dume, mkubwa, rangi ya majivu, wanamuita Chifu. Chifu aliletwa kwa sababu ya panya wa kwenye stoo ya mahindi, na kazi ya panya alifanya vizuri. Halafu akaanza tabia. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla mathe hajaamka kuwasha jiko, Chifu anapanda meza, anatia mkono kwa kikombe cha bati, anasukuma kidogo, anasimama, anamwangalia mathe kitandani. Anasukuma tena. Kikombe kinaanguka, kwaaang, na Chifu hata haangalii kimeangukia wapi. Anaangalia kitanda tu. Kijana wa hapo, yuko kidato cha tatu, akasema hiyo si paka ya kawaida. Mjomba wao akasema kuna kitu ndani yake. Gunia likatafutwa.

Nikaomba wiki moja. Mathe akaniambia, "Wewe kijana, wiki moja tu, na ukivunjiwa simu usinililie." Nikampa daftari la shule na masharti rahisi sana. Kila Chifu akiangusha kitu, andika mambo manne: saa ngapi, ni kitu gani, alikuwa anaangalia wapi kikianguka, na wewe ulifanya nini baada ya hapo. Hilo la nne ndilo watu huwa hawaandiki, na siri yote iko hapo.

Baada ya siku saba daftari lilikuwa na mara 19. Karibu zote zilikuwa asubuhi kabla ya jiko kuwaka, au jioni mathe akiwa ameshika simu anaongea. Na safu ya nne ilikuwa inachekesha: "nilimpa omena anyamaze." "Nilimpigia kelele." "Nilimbeba nikamtoa nje, akarudi na mimi kwa jikoni." "Nilimwekea maziwa." Kati ya hizo mara 19, ni mara 2 tu hakuna mtu aliyefanya kitu. Manze, huyo paka anapiga kengele na kengele inaitikiwa! Ingekuwa wewe ungeacha?

Hii si nadharia yangu ya mtaani. Mwaka 1898 Mmarekani mmoja, Edward Thorndike, alichapisha utafiti wake wa paka aliowafungia ndani ya visanduku vya mbao. Nje aliweka chakula. Ndani kulikuwa na kamba ya kuvuta, au kigingi cha kukanyaga, ndio mlango ufunguke. Paka mwanzo anakwaruza kila mahali, anauma mbao, anasukuma, mpaka kwa bahati anagusa ile kamba. Akirudishwa ndani, hafanyi kama mtu aliyeelewa ghafla. Ila kila mara muda unapungua kidogo kidogo, yale yasiyoleta chakula yanakufa, lile lililoleta chakula linabaki, mpaka akiwekwa tu ndani anaenda moja kwa moja kwa kamba.

Lakini sehemu ninayoipenda ni hii. Kuna kisanduku kimoja hakikuwa na kamba wala kigingi. Thorndike mwenyewe alikuwa anafungua mlango paka akijilamba au akijikuna. Kujilamba kuna uhusiano gani na mlango? Hakuna. Na bado paka walijifunza, wakawa wakiingia tu wanajilamba ndio watolewe. Baadaye hata kujilamba kwenyewe kukawa kwa haraka haraka, kugusa manyoya kidogo tu kama mtu anayepiga sahihi.

Sasa soma hapo halafu mwangalie Chifu na kikombe. Kikombe kuanguka hakuna uhusiano wowote na omena. Ni nyinyi mliouweka. Na kupiga kelele pia kunahesabika kama malipo, hilo ndilo watu wanakataa. Kwa paka aliyekaa peke yake usiku mzima, mtu kuketi kitandani, kumwangalia, kumwita jina na kutembea kuelekea jikoni ni mafanikio. Wewe unadhani umemgombeza, yeye anaona umeamka.

Mtaniuliza, basi alianzaje kusukuma, kabla hajajua kuna omena? Hapo ndipo kuna damu ya mwindaji. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu anayeitwa Felis lybica. DNA ilionyesha hivyo mwaka 2007, kwamba asili yao ni wale wa Mashariki ya Karibu. Huyo paka-mwitu yuko hata hapa Kenya, na ukimwona kwa mbali unaweza kudhani ni paka wa mtu. Anawinda peke yake, vitu vidogo vinavyouma: panya, mjusi, hata nyoka mdogo. Hawezi kuweka uso kwanza. Kwanza anatia mkono, anagusa, anarudisha, anangoja. Kikitikisika, kiko hai. Kisipotikisika, anagusa tena kwa nguvu kidogo.

Tena macho ya paka, pamoja na sifa zote wanazopewa, ni mabaya kwa vitu vya karibu. Kitu kikiwa chini ya karibu sentimita 25 kutoka usoni mwake hakioni vizuri, kinakuwa ukungu. Kwa hivyo hapo karibu anategemea sharubu na nyayo. Akigusa kifuniko cha soda mezani anafanya kile wewe unafanya ukichukua kitu ukigeuzageuza mkononi. Kifuniko kikiteleza, kimekimbia. Kikianguka na kulia, imekuwa bora zaidi. Huo ndio mwanzo. Mkono ni wa kuzaliwa nao, kengele mmemfundisha nyinyi.

Kwa hivyo kuna kusukuma kwa aina mbili, na nataka mshike hii hata kama mtasahau mengine yote: usiangalie mkono wa paka, angalia macho. Anayecheza anafuata kitu. Kikianguka anainamisha kichwa ukingoni aone kimefika wapi, masikio mbele, mara nyingi anaruka chini akifuate. Anayepiga kengele hana haja na kitu. Macho yako kwako kabla hakijaanguka, anasukuma polepole na vituo, na kikianguka anabaki amekukazia.

Tulijaribu kwa Chifu. Jioni moja tuliacha kikombe na kifuniko cha soda kwa meza, simu yangu ikaegemezwa kwa gunia la mahindi inarekodi, sisi sote tukatoka nje. Dakika arobaini hivi. Kifuniko alikisukuma, akaruka nacho chini, akakifukuza mpaka chini ya kitanda. Kikombe alikinusa, akakigusa mara mbili, akakiacha, akalala. Kile kikombe cha bati ambacho kila asubuhi lazima kianguke! Bila mtu wa kuamka, hakina maana. Jini gani hilo linalofanya kazi mwenye nyumba akiwepo tu?

Tuje kwa macho sasa, maana najua hiyo ndiyo inawatisha wengi. Paka haangalii hivyo kwa sababu anakutishia. Mwaka 2015 watafiti wa Italia waliweka paka kwa chumba na mwenye wao, pamoja na feni iliyofungwa riboni, kitu cha ajabu ambacho paka hajawahi kuona. Paka wengi, karibu 8 kati ya 10, waliangalia feni wakaangalia mwenye wao, kama mtoto anayeangalia uso wa mama yake kujua kama kitu ni cha kuogopa. Paka anakusoma, na uso wako ni habari kwake. Wewe unafungua macho mezani, yeye anajua siku imeanza.

Ila kuna ukweli mmoja kwa wale wanaosema macho ya paka yana vita. Kati ya paka na paka, kukaziana macho bila kupepesa ni ugomvi kweli. Mnaona wale madume wawili ukutani usiku kabla ya kuanza kulia kama watoto. Basi ukiona paka wako anakukodolea na wewe ukamkodolea ili "umshinde," wewe ndiye unaanzisha vita. Jaribu hivi: fumba macho polepole nusu, yafunge kidogo, yafungue. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walijaribu hiyo na paka wa majumbani. Paka walipofanyiwa hivyo na mwenye nyumba walifumba macho yao zaidi kuliko walipoachwa tu. Na mgeni akifumba polepole, walimkaribia mkono wake zaidi kuliko akikaa na uso mkavu. Nilimfundisha yule kijana wa kidato cha tatu. Alikataa mbele yangu, halafu nikamkuta jikoni peke yake anampepesea Chifu macho.

Sasa wale wenzangu wa kamera, na mjue nawapenda. Zile vidio mnapanga glasi kwa ukingo wa meza, mnangoja paka asukume, mnacheka, mnampa kitu kitamu ndio arudie, halafu mnaandika "paka wangu ana kiburi" mnapata laiki: hiyo ni Thorndike mtupu, tofauti yenu ni kwamba yeye alijua anachofanya. Mnamfundisha mnyama tabia, halafu mnauza hiyo tabia kama ndiyo roho yake. Na mtoto mahali fulani anaiona, anaenda nyumbani, paka wake anaangusha chupa ya chai moto, na nyumba yote inakubaliana kwamba paka ni wa dharau, dharau inatibiwa kwa gunia. Mimi pia naishi kwa laiki. Lakini kuna vidio sitengenezi.

Kwa Chifu tulifanya hivi. Kwanza, omena haikutolewa tena baada ya kikombe, hata mmoja. Mathe alikuwa akiamka anawasha jiko, anachemsha maziwa, na chakula cha Chifu kinakuja baada ya hapo, Chifu akiwa amekaa juu ya gunia lake la zamani pembeni. Akiwa hapo analipwa, akiwa mezani halipwi. Pili, jioni kabla ya kulala, dakika kumi za kumkimbiza na kamba iliyofungwa manyoya ya kuku, mpaka ashike na aume, halafu ale mara moja. Kuwinda, kushika, kula, kulala, hiyo ndiyo ratiba yake ya asili. Tatu, vikombe vikatolewa mezani, vikaenda kwa kabati. Hii ya tatu watu wanasema ni kushindwa. Basi shindwa, kikombe chako kitaishi.

Na kuna mahali kila mtu anaharibu. Siku ya tatu Chifu alikuwa mbaya kuliko mwanzo. Aliangusha kijiko, kitabu, kibiriti, na rimoti, moja baada ya nyingine, huku analia. Hii inaweza kutokea malipo yakikatwa. Ukibonyeza swichi na taa isiwake, si unabonyeza tena kwa nguvu mara tano kabla ya kukubali stima imepotea? Siku ya nne yule kijana akachoka, akamrushia omena saa kumi na mbili kasoro. Mathe akanipigia simu akicheka, "Askari wako amehongwa." Hapo Chifu akajifunza kwamba kikombe kimoja hakitoshi tena, ila vitu vinne na kelele vinatosha. Malipo ya mara moja moja ndiyo yanafanya tabia kuwa sugu, ndiyo maana watu hawaachi kucheza kamari. Ikabidi tuanze upya, tukaongeza siku. Kufika wiki ya tatu, daftari lilikuwa na mara 2 kwa wiki nzima, na zote alikuwa anaangalia kitu, haangalii mtu. Kifuniko cha soda bado anasukuma. Hicho hataacha, na hakuna sababu aache.

Na kama nyumba yenu haina meza ya kupiganiwa lakini paka anaangusha tu vitu, kuna jambo moja la kuangalia kabla hujanitumia ujumbe. Anayesukuma hutumia mkono. Anayegonga vitu kwa bega, kwa kichwa, anayekosea kuruka kiti alichokizoea, na mboni zake ni kubwa nyeusi hata mchana jua likiwaka, huyo huenda haoni. Paka wazee wanapata shinikizo la damu kama wazee wetu, na linaweza kuharibu macho ghafla. Anaweza kuonekana anakukodolea, kumbe anasikiliza uko wapi. Na paka mzee aliyeanza kulia usiku, anakula sana na bado anakonda, anaweza kuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo. Hao usiwafunze kitu. Wapeleke kwa daktari wa mifugo. Wa huku kwetu amezoea ng'ombe, atakucheka kidogo ukifika na paka kwa kikapu, lakini atamwangalia.

Mjomba wa kule bado anasema kuna kitu ndani ya Chifu. Nilimwambia kipo kweli, ni omena, na panya wawili wa juzi.